Sekunde 34.21: kipimo kilichojitenga, wastani na asilimia ya kosa katika jedwali la pendulamu

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliniletea daftari lake akiwa amepima pendulamu ya sentimita 80 mara tatu. Mipembeo 20 ilikuwa imechukua sekunde 36.12, kisha 35.98, kisha 34.21. Alikuwa ameshajumlisha zote, akagawanya kwa tatu, akapata 35.44, na kutokana na hiyo akapata mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani g, wa 10.06. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ya tatu niifute?"

Nilimwambia asifute kitu. Ile namba ya tatu ilikuwa inatuambia jambo, na tungeifuta mapema tusingelijua. Mwongozo huu unafuata safu ile moja ya jedwali lake tangu stendi ilipofungwa hadi jibu la mwisho, kwa sababu karibu kila linaloharibika kwenye data za maabara ya shule limo ndani yake.

Kabla ya kubonyeza stopuwochi

Pendulamu ni uzi na tufe dogo la chuma ambalo darasani tunaliita bobu. Uzi unabanwa kati ya vipande viwili vya kizibo kwenye klempu ya stendi, ili sehemu unapoanzia kupembea iwe moja na isitelezeteleze. Urefu unaohitajika unaanzia pale uzi unapotoka kwenye kizibo hadi katikati ya bobu. Wengi wanaishia kwenye fundo, juu ya bobu. Kama kipenyo cha bobu ni sentimita 2, hapo umepoteza sentimita 1 nzima, na nitaonyesha baadaye alama ambayo kosa hilo linaacha kwenye jedwali.

Mpembeo mmoja ni kwenda na kurudi. Bobu likipita katikati kuelekea kulia, likaenda, likarudi, likapita tena katikati kuelekea kulekule kulia, huo ni mmoja. Weka alama nyuma ya uzi, kwa mfano kalamu iliyosimamishwa kwenye udongo wa kufinyanga, mahali uzi unapotulia pendulamu isipopembea. Bonyeza saa bobu linapopita alama hiyo. Wanafunzi wengi hupenda kubonyeza bobu likiwa limefika mwisho wa upande kwa sababu huko linaonekana limesimama, lakini ndiyo sababu hasa ya kutokupatumia: bobu hukaa huko kwa muda, na jicho haliwezi kusema ni lini hasa limefika. Katikati linapita kwa kasi yake kubwa kuliko zote, kwa hiyo wakati wa kupita unaonekana wazi.

Pembea kwa pembe ndogo, isiyozidi nyuzi 10. Kwa nyuzi 10, muda wa mpembeo unazidi ule wa kanuni kwa takriban asilimia 0.2 tu, ambayo mkono wako hauwezi kuigundua. Kwa nyuzi 30 unazidi kwa karibu asilimia 1.7, na hiyo sasa itaonekana kwenye jibu.

Sasa kuhesabu. Unapobonyeza saa, sema "sifuri". Bobu likirudi kwenye alama kwa mwelekeo uleule, sema "moja". Ukifika "ishirini", bonyeza tena. Hilo neno "sifuri" ndilo lililomponza mwanafunzi wangu, nasi tutalirudia.

Kwa nini mipembeo 20, na kwa nini zaidi ya mara moja

Kidole cha binadamu huchelewa au huwahi kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, wakati mwingine mbili. Ukipima mpembeo mmoja wa sekunde 1.8, kosa la 0.1 ni zaidi ya asilimia 5. Ukipima mipembeo 20 inayochukua sekunde 36, kosa lilelile la 0.1 linagawanywa kwa mipembeo yote 20, na muda wa mpembeo mmoja unabaki na kosa la sekunde 0.005 tu.

Kurudia kuna kazi nyingine kabisa. Kipimo kimoja hakina cha kujilinganisha nacho. Ukiwa na viwili vilivyotofautiana sana, unajua kuna tatizo ila hujui liko wapi. Vikiwa vitatu, unaanza kuona kipi kimekaa peke yake, ingawa, kama utakavyoona, vitatu bado ni vichache kwa kutoa hukumu.

Usomaji wa stopuwochi uandike ulivyo, 36.12, hata kama unajua kwamba tarakimu ya mwisho mkono wako haiwezi kuidhamini. Kukadiria kwa tarakimu chache kunakuja mwishoni.

Kumwangalia aliyejitenga

Tazama namba tatu tena: 36.12, 35.98, 34.21. Mbili za kwanza zimepishana kwa 0.14, ambayo ni tofauti ya kawaida ya kidole. Ya tatu iko mbali na jirani yake wa karibu kwa 1.77. Hakuna kidole kinachochelewa kwa sekunde 1.77.

Angalia nilivyofanya ulinganisho huo. Nimeilinganisha namba na wenzake waliopimwa kwa urefu uleule, sikuilinganisha na jibu la kitabu. Huu ndio mstari ninaousimamia kuliko yote katika somo hili: kipimo kinashukiwa kwa kutofautiana na ndugu zake, hakishukiwi kwa kutokutupa 9.8. Nimeona madaftari ambamo mwanafunzi amekokotoa g kwa kila usomaji, akabakiza zile zilizokaribia 9.8 na kufuta nyingine. Jibu lake lilikuwa zuri sana, na halikuwa na maana yoyote, kwa sababu alichokuwa anapima ni kumbukumbu yake ya kitabu.

Hatua inayofuata ni kutafuta chanzo, na hapa pendulamu ina ukarimu ambao majaribio mengi hayana: kosa la kuhesabu linaacha alama yake. Ukikosea mpembeo mmoja, muda wako unapungua au kuongezeka kwa muda kamili wa mpembeo mmoja. Chukua usomaji wa kwanza, 36.12, gawanya kwa 20, unapata 1.806. Tofauti ya aliyejitenga na wenzake ni karibu 1.8. Sasa fanya jaribio la pili: chukua 34.21 ugawanye kwa 19 badala ya 20. Unapata 1.801.

Nilimwomba ahesabu tena mbele yangu bila kugusa saa. Alipoachia bobu akasema "moja". Akafika ishirini, na bobu lilikuwa limepembea mara 19. Mara mbili za kwanza mwenzake ndiye aliyekuwa anahesabu kwa sauti; mara ya tatu walibadilishana.

Huenda ukajiuliza, kama tunajua ni mipembeo 19, kwa nini tusigawanye tu kwa 19 na kuitumia? Kwa sababu 19 tumeikisia kutokana na jibu. Imetusaidia kuelewa kilichotokea, lakini wakati wa kupima hakuna aliyehesabu 19. Kurudia usomaji ni kazi ya sekunde 36, kwa hiyo rudia.

Vitatu havitoshi: kipimo cha Q

Si kila mara utapata chanzo. Upepo wa dirishani, stendi iliyoguswa, bobu lililoanza kuzunguka duara badala ya kwenda na kurudi: hivi vinaweza kupita bila mtu kuona. Hapo unahitaji kanuni ya kuamua, iliyowekwa kabla hujajua jibu litakupendelea vipi. Iliyo rahisi kwa data chache ni kipimo cha Q cha Dixon, ambacho Dean na Dixon walikichapisha mwaka 1951 kwa ajili ya wanakemia wenye vipimo vitatu hadi kumi tu.

Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Tafuta pengo, yaani umbali kati ya anayeshukiwa na jirani yake wa karibu. Tafuta upana, yaani umbali kati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Gawanya pengo kwa upana:

```
Q = pengo / upana
```

Kwa namba zetu tatu, pengo ni 35.98 − 34.21 = 1.77, na upana ni 36.12 − 34.21 = 1.91. Q ni 0.93. Kwa vipimo vitatu, ili ukatae kimoja kwa uhakika wa asilimia 90, Q inapaswa kuzidi 0.941. Yetu haijafika. Kipimo ambacho kila jicho linaona kimepotea, kanuni inasema huna ruhusa ya kukikataa.

Hilo liliwashangaza wanafunzi wangu, lakini lina sababu. Ukiwa na namba tatu, mara nyingi mbili zitakaribiana kwa bahati tu na ya tatu itaonekana mkosaji. Hujui bado kama zile mbili zinawakilisha ukweli au zimekutana njiani. Kinachotakiwa hapo ni kurudi kwenye stendi.

Wakapima mara mbili zaidi, safari hii kwa kuanzia sifuri: 36.05 na 35.93. Sasa namba ni tano. Pengo ni 35.93 − 34.21 = 1.72, upana umebaki 1.91, na Q ni 0.90. Kwa vipimo vitano mpaka ni 0.642. Sasa 34.21 inaondoka kwa haki, na inaondoka ikiwa na sababu mbili: kanuni imeikataa, na tunajua aliyehesabu alianzia moja.

Kwa vipimo vinne mpaka ni 0.765. Zaidi ya hapo kwa kazi ya shule sijawahi kuhitaji. Tumia kipimo hiki mara moja tu kwa kila kundi la namba. Ukikirudia baada ya kuondoa mmoja, daima atatokea mwingine aliye pembeni zaidi kuliko wenzake, na utaendelea kupukuchua mpaka ubaki na mbili zinazofanana.

Kwenye daftari, namba iliyokataliwa inakatwa kwa mstari mmoja ili isomeke, na pembeni panaandikwa kwa nini. Kifutio na wino mweupe havina nafasi hapa. Msomaji wa jedwali lako ana haki ya kuona ulichokiona na kuamua kama angekubaliana nawe.

Wastani, na njia tatu za kuuharibu

Safu ya mwanafunzi sasa inasomeka hivi:

| Urefu (cm) | Muda wa mipembeo 20 (s) | Maelezo |
|---|---|---|
| 80.0 | 36.12 | |
| 80.0 | 35.98 | |
| 80.0 | ~~34.21~~ | mipembeo 19: hesabu ilianzia "moja" |
| 80.0 | 36.05 | |
| 80.0 | 35.93 | |

Jumla ya nne zilizobaki ni 144.08. Gawanya kwa 4: wastani ni 36.02. Gawanya kwa 20: muda wa mpembeo mmoja, T, ni sekunde 1.801.

Njia ya kwanza ya kuharibu ni kuondoa namba kwenye jumla ukasahau kuiondoa kwenye idadi. 144.08 kwa 5 ni 28.82, na hiyo ni ndogo kuliko kila kipimo ulicho nacho. Wastani haukai nje ya namba zilizouzaa. Ukiukuta nje, rudi nyuma. Kosa hili linarudi kwa sura nyingine kwenye kompyuta. Kwenye lahajedwali, mtu akitaka kuondoa usomaji huandika 0 kwenye kisanduku chake. Fomula hii:

```
=AVERAGE(B2:B6)
```

inaruka kisanduku kitupu na kisanduku chenye maneno, lakini sifuri inaihesabu kama namba ya kweli. Acha kisanduku kitupu, au ihamishie namba iliyokatwa kwenye safu ya maelezo.

Ya pili ni kukadiria mapema. Mwanafunzi huyohuyo alipima pia urefu wa sentimita 40 akapata 25.44, 25.39 na 25.47. Wastani ni 25.43 na T ni 1.272. Hapo akaandika 1.3, "kurahisisha". Ukitumia namba kamili, g inakuwa 9.77. Ukitumia 1.3, inakuwa 9.34. Pengo lote hilo limezaliwa na kalamu, kwa sababu kwenye kanuni T inapandishwa kipeo cha pili na kosa lake linaongezeka maradufu. Beba tarakimu zote za kikokotoo mpaka mwisho, ndipo ukadirie jibu.

Ya tatu ni kuchanganya vitu visivyo vya aina moja. Wastani ni wa usomaji wa jambo lilelile: urefu uleule, idadi ileile ya mipembeo. Nimewahi kuona muda wa sentimita 40 na wa sentimita 80 vikijumlishwa pamoja kwa kuwa vilikuwa kwenye safu wima moja. Namba inayotoka hapo haielezi pendulamu yoyote iliyowahi kupembea.

Asilimia ya kosa, na thamani ya kuigawanyia

Kanuni ya g kutokana na pendulamu ni hii, urefu L ukiwa katika mita:

```
g = 4π²L / T²
```

Kwa L = 0.800 na T = 1.801, g ni 9.737. Asilimia ya kosa inapatikana kwa kuilinganisha na thamani inayokubalika:

```
asilimia ya kosa = (ulichopata − inayokubalika) / inayokubalika × 100
```

Chini kunakaa thamani inayokubalika, si uliyoipata mwenyewe. Walimu wengine wanataka jibu bila alama ya kutoa, na ukiandikia mtihani fuata unavyoelekezwa. Mimi huwaambia wanafunzi waitunze alama hiyo kwenye daftari, kwa kuwa inasema kosa limeelekea upande gani, na upande ndio unaokusaidia kumtafuta mkosaji.

Swali zito zaidi ni hili: inayokubalika ni ipi? Vitabu vinasema 9.8, mitihani mingi inaruhusu 10, na kiwango kilichowekwa kimataifa mwaka 1901 ni 9.80665. Lakini g haiko sawa kila mahali. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta na inazunguka, kwa hiyo mvutano unapungua unapokaribia ikweta. Paris ni karibu 9.81, Dar es Salaam ni karibu 9.78.

Jambo hili lenyewe liligunduliwa kwa pendulamu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Huko saa ikawa inachelewa kwa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi aifupishe pendulamu. Richer angeweza kusema saa imeharibika njiani na kuitupa data. Alirudia upimaji kwa miezi kadhaa, na tofauti ikabaki ileile. Kipimo kinachoshangaza lakini kinachojirudia hakijajitenga, kimeona kitu.

Basi kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam tunatumia 9.78. Kosa lake ni (9.737 − 9.78) / 9.78 × 100, sawa na −0.4. Angetumia 10, angejihesabia kosa la −2.6 huku amepima vizuri kabisa. Na kama tungemwachia wastani wake wa kwanza, wenye ile 34.21 ndani, g ya 10.06 ingempa kosa la +2.9 dhidi ya 9.78, ila dhidi ya 10 lingeonekana 0.6 tu. Thamani isiyo sahihi ya kulinganishia ingeficha kipimo kibovu na kuadhibu kizuri.

Je, asilimia 0.4 ni nyingi?

Asilimia ya kosa peke yake haijibu swali hilo. Unahitaji kuilinganisha na mtawanyiko wa vipimo vyako. Vile vinne vimetoka 35.93 hadi 36.12, upana wa 0.19. Chukua nusu yake, kama 0.1, uwe ukingo wa kila upande. Kwa 36.02 hiyo ni asilimia 0.28. Kwa kuwa T ina kipeo cha pili, iongeze maradufu: 0.56. Urefu ulisomwa kwa rula ya mita kwa uhakika wa milimita 1 katika 800, asilimia 0.13. Jumla ni karibu asilimia 0.7.

Kosa la 0.4 liko ndani ya 0.7, maana yake jibu linapatana na 9.78 kwa kadiri vifaa hivi vinavyoweza kuona. Unaandika g = 9.74 ± 0.07. Kama kosa lingekuwa asilimia 3 huku mtawanyiko ukiruhusu 0.7 tu, usingesema "mikono inatetemeka". Mikono umeshaihesabu. Kuna kitu kingine kinachosukuma vipimo vyote upande mmoja.

Pale vipimo vyote vinapokubaliana na vyote vina kosa

Wiki ileile kundi jingine lilileta sentimita 80 ikiwa na 34.18, 36.07 na 34.24. Walikuwa tayari wameikata 36.07. Mbili zimekaribiana, moja imekaa pembeni, basi wengi wameshinda. Kutoka hapo wakapata wastani wa 34.21, T ya 1.711 na g ya 10.79, kosa la asilimia 10.4.

Unaona kilichotokea. Aliyekatwa ndiye pekee aliyehesabiwa vizuri. Hii ndiyo hatari ya kumtambua aliyejitenga kwa kura, na ndiyo sababu nasisitiza chanzo kabla ya kalamu. Kurudia kunakamata kosa linalobadilika mara kwa mara. Kosa ambalo kila mtu analifanya kila mara linakuja na mtawanyiko mdogo wa kupendeza.

Linalokusaidia hapo ni ukubwa na umbo la asilimia ya kosa. Kuhesabu 19 badala ya 20 kunapunguza T kwa asilimia 5 na kuongeza g kwa (20/19)², yaani karibu asilimia 10.8, na kiasi hicho ni kilekile kwa kila urefu. Ukiona kosa la kama +11 kwenye sentimita 40, 60, 80 na 100 sawia, usiangalie uzi, msikilize anayehesabu.

Kosa la kupima uzi hadi juu ya bobu lina umbo tofauti. Sentimita 1 iliyopotea ni kubwa kwenye uzi mfupi na ndogo kwenye mrefu: ukiandika 40 wakati ni 41, g inapungua kwa asilimia 2.4, ukiandika 100 wakati ni 101, inapungua kwa asilimia 1.0. Kwa hiyo g inapanda taratibu urefu unavyoongezeka. Ukichukua wastani wa g hizo, mwelekeo huo unazama usionekane. Chora grafu ya T² dhidi ya L badala yake. Mstari hautapita kwenye sifuri, utakata mhimili wa L kwenye −1 sentimita, lakini mteremko wake utabaki sahihi, na g ni 4π² ikigawanywa kwa mteremko.

Kundi la pili nililirudisha kwenye stendi bila kuwaambia jibu. Niliwaomba tu mmoja ahesabu kwa sauti na wengine wahesabu kwa vidole. Walipofika "ishirini" vidole vilikuwa 19, wakatazamana. Wakaanza upya kwa "sifuri": 36.04, 36.10, 35.95. Wastani 36.03, g 9.73, kosa −0.5. Kisha wakarudi kwenye safu ya zamani na kuandika kando ya 36.07, ambayo ilikuwa bado inasomeka chini ya mstari wake, kwamba ilikatwa kimakosa.